Chini ya Picha Paandikwe Nini?

MSANIFU WA KURASA: Mama, picha ya Jangwani imeshakaa ukurasa wa mbele, upana wa safuwima nne. Maelezo yake nimeyaandika mwenyewe kwa sababu muda wa kufunga ukurasa umekaribia: "Wananchi wakivuka maji katika eneo la Jangwani, Dar es Salaam, baada ya mvua kubwa kunyesha na kusababisha barabara kufungwa." Unayakataa kwa nini? Mahali pametajwa, tukio limetajwa, sababu imetajwa.

MHARIRI WA PICHA: Nisomee kichwa cha habari kilichokaa juu yake.

MSANIFU WA KURASA: "Mvua yafunga barabara Jangwani."

MHARIRI WA PICHA: Basi msomaji umemwambia jambo moja mara mbili, na picha yenyewe imemwambia mara ya tatu. Maji anayaona. Watu wanaovuka anawaona. Maneno yako ni kumi na tisa na yote yangeweza kuandikwa na mtu aliyekaa humu ofisini bila kuitazama picha. Hicho ndicho kipimo changu: ifunike picha kwa mkono, soma maelezo, kisha jiulize kama mwandishi wake alihitaji kuiona. Kama hakuhitaji, hayo ni kichwa cha habari kilichovaa herufi ndogo. Na katika maneno yote kumi na tisa hakuna siku. Mvua ya lini?

MSANIFU WA KURASA: Ya jana. Gazeti ni la leo, nani atafikiri ni mvua ya mwaka jana?

MHARIRI WA PICHA: Atakayeikuta kwenye simu yake mwakani, Jangwani pakifurika tena. Na patafurika, bonde la Msimbazi tunalijua wote.

MSANIFU WA KURASA: Hapo umenisaidia hoja yangu. Watu wengi habari hawaisomi. Nenda pale kwenye meza ya muuza magazeti asubuhi uone: wamesimama, mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bila kununua. Wanatazama picha, wanasoma kilichoandikwa chini yake, wanaondoka. Kwenye simu ndiyo zaidi, picha inasafiri peke yake na kichwa cha habari kinabaki nyuma. Kwa mtu huyo maelezo ya picha ndiyo habari nzima. Nisipomwambia kwamba mvua imefunga barabara, nimemwambia nini?

MHARIRI WA PICHA: Nusu ya hoja hiyo naikubali. Maelezo lazima yaweze kusimama peke yake, yaani mtu akiyakuta bila habari ajue ni wapi, lini na kuna nini. Lakini kusimama peke yake ni jambo moja, kurudia ni jingine. Kufungwa kwa barabara kunaweza kuchukua maneno matatu ndani ya sentensi. Wewe umekupa sentensi nzima. Tumsikie aliyekuwepo. Kijana, kwenye daftari lako una nini?

MPIGA PICHA WA KUJITEGEMEA: Daftari lililowa, mama, lakini niliandika kwenye simu. Yule mwanamke aliyekaa juu ya mkokoteni aliniambia anatoka Mchikichini na anawahi kazini Magomeni. Vijana wawili wanaosukuma si ndugu zake, wako kazini. Walikuwa wanavusha mtu kwa Sh1,000. Na mabasi ya mwendokasi yalikuwa yanageuzia Fire kwa upande wa mjini, na Magomeni kwa upande wa pili.

MHARIRI WA PICHA: Hiyo elfu moja nani amekwambia?

MPIGA PICHA: Nimelipa mwenyewe, kwenda na kurudi. Na ofisi haijanirudishia.

MHARIRI WA PICHA: La kurudishiwa tutaliona. Muhimu ni kwamba umelipa, hukusimuliwa. Msanifu, andika hivi: "Mkazi wa Mchikichini akivushwa kwa mkokoteni jana asubuhi katika Barabara ya Morogoro, Jangwani, Dar es Salaam, iliyofungwa kwa mafuriko. Vijana wenye mikokoteni walitoza Sh1,000 kwa kila mtu; mabasi ya mwendokasi yalikuwa yakigeuzia Fire na Magomeni." Sentensi ya kwanza inasema kinachotendeka ndani ya picha. Ya pili inasema jambo ambalo hata ukiikodolea macho picha mpaka kesho hutalipata. Mashirika makubwa ya habari yana mpangilio unaofanana na huo: kitendo, watu, mahali na tarehe kwanza, halafu sentensi moja ya kueleza kwa nini picha hii ipo.

MSANIFU WA KURASA: Ni mistari mitatu badala ya miwili. Nitapunguza picha.

MHARIRI WA PICHA: Punguza anga. Juu pale kuna mawingu tu.

MSANIFU WA KURASA: Na kama tunataka kuongeza habari, kwa nini umeandika "asubuhi" tu? Faili lina saa kamili. Nimelifungua: 08:12. Naandika "saa 8 na dakika 12".

MPIGA PICHA: Kaka, saa 8 mchana maji yalikuwa yameshapungua! Hiyo ni saa 2 na dakika 12 asubuhi. Kamera haihesabu saa kama sisi.

MHARIRI WA PICHA: Ndiyo sababu saa ya kamera siichukui hivyo hivyo. Kwanza kuna hilo la saa sita kwenda mbele au kurudi nyuma, na nimeshaona gazeti likimfungulia waziri mkutano usiku wa manane. Pili, kamera nyingine haijawahi kurekebishwa tangu itolewe kwenye boksi, au inasoma saa za nchi nyingine. Ikiwa imebaki kwenye saa za Griniwichi, picha ya saa 2 asubuhi ya Dar itaandikwa 05:00, na hiyo kwetu ni saa 11 alfajiri. Tazama vivuli. Saa 11 alfajiri jua halijachomoza, hivyo ukiona kivuli kirefu cha mtu, saa ya kamera inadanganya. Kijana, ya kwako ni sahihi?

MPIGA PICHA: Niliisahihisha kwa simu Jumatatu.

MHARIRI WA PICHA: Basi weka "saa 2 asubuhi". Dakika kumi na mbili hazimsaidii mtu.

MSOMAJI: Mimi ni mwalimu mstaafu na gazeti nimelisoma tangu likiuzwa kwa senti. Mlipoanza nilidhani mnazungumzia zile picha za kuchezewa kwenye kompyuta, mtu anabandikwa kichwa cha mwingine. Hilo ndilo linalotusumbua sisi wasomaji. Haya ya mkokoteni na saa ngapi, mtanisamehe, naona kama mnapaka rangi ukuta huku nyumba inaungua.

MHARIRI WA PICHA: Mwalimu, picha inaweza isichezewe hata nukta moja na bado ikadanganya, kwa maneno yaliyo chini yake tu.

MSOMAJI: Hapo sasa umenigusa, kwa sababu lilitokea nyumbani kwangu. Binti wa dada yangu alimpeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Wamekaa kwenye benchi na kina mama wengine, akapita mtu na kamera, hakumuuliza mtu. Miezi baadaye ulizuka ugonjwa wa kuhara na gazeti moja, silitaji, likaandika kichwa kikubwa kwamba wagonjwa wa kipindupindu wafurika hospitali. Picha ilikuwa ile ile, binti yetu mbele kabisa. Na chini: "Wagonjwa wa kipindupindu wakisubiri matibabu." Kwenye duka lake la vitafunwa watu waliacha kununua. Hiyo picha haikuchezewa, nakubali. Alikuwa yeye, benchi ndilo hilo, mtoto ndiye huyo.

MHARIRI WA PICHA: Unaona jinsi ilivyotokea? Hakuna aliyekaa akapanga kumwita mgonjwa. Msanifu alitafuta kwenye maktaba picha ya foleni ya hospitali. Maelezo ya asili hayakuwepo au hayakusomwa. Nafasi chini ya picha ilikuwa tupu, akashusha kichwa cha habari na kukigeuza kidogo. Kichwa kilisema "wagonjwa wafurika", maelezo yakasema "wagonjwa wakisubiri". Ndiyo maana siliiti jambo hili uvivu tu. Ukishusha kichwa cha habari chini ya picha, unaifanya picha itoe ushahidi juu ya jambo ambalo haikuwepo likitokea.

MSANIFU WA KURASA: Huyo angeandika "Picha ya maktaba" yangekwisha.

MHARIRI WA PICHA: Yasingekwisha. "Picha ya maktaba" inasema ni ya zamani, haisemi ni ya nini. Msomaji angeona wagonjwa wa kipindupindu wa zamani. Ilipaswa kuandikwa: kina mama wakisubiri chanjo za watoto, mahali fulani, mwezi na mwaka fulani. Na ukishaandika hivyo unagundua mara moja kwamba picha haifai kwa habari ile. Maelezo ya kweli yangeitoa ukurasani kabla ya kwenda mtamboni.

(Niingilie kidogo kama mwandishi wa mjadala huu. Chukua magazeti yetu ya wiki moja uhesabu ni picha ngapi za maktaba zimewekewa mwaka. Mimi huwa napata chache mno, na nyingi kati ya hizo ni za viongozi waliokwisha kufariki.)

MSOMAJI: Basi mngemuuliza jina. Hata huyu wa mkokoteni, "mkazi wa Mchikichini" ni nani? Mchikichini ina watu wangapi?

MPIGA PICHA: Mwalimu, mkokoteni ulikuwa unatembea na mimi nimezama mpaka kiunoni, kamera juu ya kichwa. Nilipata anatoka wapi na anakwenda wapi. Jina sikulipata.

MSOMAJI: Waziri akikata utepe jina mnalipata. Na cheo. Na wa kulia kwake, na wa pili kushoto, na "wanaoshuhudia kwa nyuma".

MHARIRI WA PICHA: Mwalimu amepiga penyewe. Picha ya utepe ina majina sita na haina habari. Utepe wa nini, jengo limegharimu kiasi gani, litaanza kutumika lini, hayo hayamo. Picha ya mama kwenye maji ina habari na haina jina. Kwa kawaida yangu, mtu akiwa ndiye kiini cha picha na sura inaonekana wazi, jina liulizwe. Lakini siliandiki kila mara. Huyo binti yako, mwalimu, kama wangeweka na jina lake?

MSOMAJI: Astaghafiru. Ingekuwa balaa juu ya balaa.

MHARIRI WA PICHA: Basi jina ni la kuuliza kwanza, kuamua baadaye. Mgonjwa, mtoto aliyedhulumiwa, mtu aliyekamatwa ambaye hajasomewa shitaka, hao nafikiri mara mbili. Ambaye hukumuuliza kabisa, hukuamua lolote juu yake, umebahatisha tu.

MSANIFU WA KURASA: Mnazidi kuniongezea maneno. Mimi nasema kuna picha zenye nguvu kiasi kwamba neno lolote linaziharibu. Iache picha iseme. Ile ya mtoto na tai wa Sudan, nani alihitaji maelezo?

MHARIRI WA PICHA: Umechagua mfano unaokupinga. Kevin Carter aliipiga picha ile Machi 1993 huko Ayod, kusini mwa Sudan, nayo New York Times ikaichapa tarehe 26 mwezi huo huo. Maelezo yalikuwepo na hayakuwa mabaya. Yalisema msichana mdogo aliyedhoofishwa na njaa alianguka njiani akielekea kituo cha chakula cha Ayod, na karibu yake tai alikuwa akingoja. Wasomaji wakaanza kuuliza swali moja: mtoto alipona? Maswali yalizidi hata gazeti likalazimika kuchapa taarifa ya mhariri siku nne baadaye. Ilieleza kwamba kwa maelezo ya mpiga picha tai alifukuzwa, mtoto akapata nguvu ya kuendelea na safari, lakini haikujulikana kama alifika. Sentensi hiyo ingekuwa chini ya picha tangu siku ya kwanza, watu bado wangelia, ila wangejua gazeti linajua nini na ujuzi wake unakomea wapi.

MPIGA PICHA: Mama, usituonee. Carter alikuwa kwenye vita, ndege inaondoka. Huwezi kufuata kila mtu unayempiga picha.

MHARIRI WA PICHA: Simlaumu kwa kutojua. Nasema kwamba aliyoyajua yangeandikwa. Na kuna zaidi. Mwaka 2011 waandishi wa El Mundo la Hispania walikwenda Ayod wakamtafuta yule mtoto. Waliambiwa alikuwa mvulana, si msichana. Alikuwa na utepe wa plastiki mkononi wa watu waliosajiliwa kupata chakula, ambao unaonekana kwenye picha yenyewe. Aliokoka njaa ile, akafariki miaka mingi baadaye kwa homa. Neno moja, "msichana", lilikaa miaka kumi na minane. Picha ile imetazamwa na watu wengi mno, na bado haikujieleza.

MSANIFU WA KURASA: Haya. Lakini hapo umenipa kingine cha kusema. Kadiri unavyoongeza maelezo ndivyo unavyoongeza nafasi ya kukosea. Mimi nikirudia kichwa cha habari, angalau nimekosea pamoja na mhariri wa habari. Wewe ukiandika "msichana", umekosea peke yako. Kumbuka New Orleans.

MSOMAJI: Kulikuwa na nini New Orleans?

MSANIFU WA KURASA: Mafuriko ya kimbunga Katrina, mwisho wa Agosti 2005. Shirika la AP lilitoa picha ya kijana mweusi akitembea kwenye maji yaliyomfika kifuani, amebeba vitu. Maelezo yalisema anatembea baada ya kupora duka la vyakula. Picha nyingine, iliyosambazwa na AFP, ilionyesha watu wawili weupe kwenye maji vile vile, na vyakula mikononi. Hao waliandikiwa kwamba wamepata mkate na soda kutoka dukani. Zote mbili zilionekana kwenye ukurasa wa habari wa Yahoo na watu wakaziweka sambamba. Mweusi amepora, mweupe ameokota. Wangeandika tu "wakazi wakitembea kwenye mafuriko", kelele isingekuwepo.

MHARIRI WA PICHA: Ni kweli, na huo ndio mfano mgumu kuliko yote unaoweza kuniletea. Maana ukiwafuata wapiga picha wenyewe, kila mmoja alikuwa na sababu. AP ilisema mpiga picha wake alimwona yule kijana akiingia dukani na kutoka na vitu. Yule wa pili alisema hakuona mtu akiingia dukani, vitu vilikuwa vinaelea. Kila mmoja aliongeza jambo alilolishuhudia.

MSANIFU WA KURASA: Na matokeo?

MHARIRI WA PICHA: Matokeo yalikuwa mabaya. Nafikiri tatizo lilikuwa kitenzi. "Amepora" si kitendo ulichokiona tu, ni hukumu. Uliona mtu akitoka dukani na boksi, duka halina mwenyewe, mji umezama. Andika hivyo hivyo, "ametoka dukani na boksi la soda", na umeongeza habari bila kumhukumu. Lakini nakiri mtu mwingine angesema kuficha uporaji ni kudanganya pia. Sina jibu linaloniridhisha kabisa.

MPIGA PICHA: Mimi hapo nasimama na mama. Ukituambia tuandike "wakazi wakitembea" kwa sababu ya hofu, basi tusiende kabisa. Chukueni picha za kuchora.

MSANIFU WA KURASA: Wewe unatetea maelezo marefu kwa sababu jina lako linakaa mwisho wake.

MPIGA PICHA: Linakaa? Fungua gazeti la wiki iliyopita, si letu, la wenzetu. Picha yangu ya jahazi linashushwa majini, niliiweka kwenye ukurasa wangu. Wameichukua wakaandika "Picha: Mtandao". Huyo Mtandao anaishi wapi nimpelekee hati ya madai? Naye ndiye mpiga picha mwenye kazi nyingi kuliko wote nchi hii.

MSANIFU WA KURASA: Pole. Lakini jina lako linamwongezea nini msomaji? Mwalimu, wewe huwa unasoma jina la aliyepiga picha?

MSOMAJI: Kusema kweli, hapana. Nasoma nani kafariki.

MHARIRI WA PICHA: Mwalimu, ukiona picha ya rais akicheka na wananchi, pembeni imeandikwa "Picha na Ikulu", unajua nini?

MSOMAJI: Kwamba mpiga picha ni wa rais.

MHARIRI WA PICHA: Kwa hiyo picha zilizotoka ni zile ambazo Ikulu imezichagua. Hiyo ni habari, na haimo kwenye kichwa wala kwenye maelezo. "Picha kwa hisani ya kampuni ya saruji" inakwambia gazeti halikwenda kiwandani. Jina la kijana huyu linakwambia kuna mtu aliyesimama pale, anayeweza kuulizwa. Ukiandika "Mpiga Picha Wetu" umesema gazeti lilikuwepo lakini mtu hajulikani. Ukiandika "Mtandao" umesema hujui ilipigwa na nani, lini, wala wapi, kisha ukaichapa. Hilo ni tangazo la kutojua.

MPIGA PICHA: Na ni kosa la sheria. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, na ya Kenya ya 2001 vile vile. Lakini mimi nisiwadanganye, jina halinunui unga. Nataka jina na malipo. Wahariri wengi wakishaweka jina wanaona wameshalipa.

MHARIRI WA PICHA: Hilo halimo katika mamlaka yangu, lakini una haki. Ninachoweza kukusaidia ni kuzuia jina lisidondoke njiani. Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha, inapunguzwa ukubwa na yale uliyoyaandika ndani ya faili yanafutwa. Itume kama hati, yaani faili, au kwa barua pepe. Na kabla ya kutuma, jaza sehemu mbili kwenye kompyuta: Description weka maelezo yako, Creator weka jina lako. Baada ya miaka mitano mimi sitakuwepo, msanifu atakuwa mwingine, na hizo sehemu mbili ndizo zitakazomwambia kwamba benchi lile lilikuwa la chanjo.

MPIGA PICHA: Na siku za maandamano? Mwaka jana niliomba jina langu lisiwekwe. Kuna watu walikuwa wanatafuta waliopiga picha.

MHARIRI WA PICHA: Siku hiyo tunaandika "Mpiga Picha Wetu", na mimi najua ni nani. Ni tofauti na kutojua.

MSANIFU WA KURASA: Tofauti hiyo msomaji anaionaje? Kwake ni maneno yale yale.

MHARIRI WA PICHA: Haioni. Hapo umenishika.

MSANIFU WA KURASA: Afadhali. Sasa nirudi kwenye ukurasa wangu maana mtamboni wanapiga simu. Nimekata anga kama ulivyosema, na nimekata upande wa kulia pia, nafasi ya mistari mitatu imepatikana.

MPIGA PICHA: Upande wa kulia? Pale alikuwepo kijana wa pili anayesukuma!

MSANIFU WA KURASA: Alikuwa anavuruga mpangilio. Maji yamebaki, mama amebaki, kijana mmoja amebaki.

MHARIRI WA PICHA: Na maelezo yanasema "vijana". Ndivyo inavyoanza. Januari 2020 pale Davos, Uswisi, AP walitoa picha ya vijana wanaharakati wa mazingira. Walikuwa watano, akiwemo Greta Thunberg na Mganda, Vanessa Nakate. Picha iliyosambazwa ilikuwa na wanne. Nakate, Mwafrika pekee, alikuwa amesimama mwisho upande mmoja na alikatwa. Shirika lilieleza kwamba ilikatwa kwa haraka kwa ajili ya mpangilio, kwa sababu ya jengo lililokuwa nyuma yake, na baadaye likaomba radhi. Maelezo yaliwataja waliobaki kwa usahihi. Kila neno lilikuwa kweli kuhusu picha iliyokatwa, na ni uongo kuhusu watu waliosimama pale.

MSANIFU WA KURASA: Huyu ni msukuma mkokoteni, mama, si mkutano wa Davos.

MSOMAJI: Kijana, ndivyo alivyofikiri na yule wa kliniki. "Hawa ni kina mama wa kwenye benchi tu."

MSANIFU WA KURASA: Mwalimu, nawe umegeuka?

MSOMAJI: Sijageuka. La mkokoteni elfu moja bado naona ni dogo, na wengi wataliona hivyo. Lakini mtu akiwepo, awepo.

MHARIRI WA PICHA: Mrudishe. Kata chini, maji ni mengi pale mbele. Na kanuni yangu ya kazi ni hii: maelezo husomwa tena baada ya picha kukatwa, siyo kabla. Ukikata mtu, "wa pili kushoto" anakuwa wa kwanza, na nimewahi kuona marehemu akisifiwa hotuba aliyotoa jirani yake.

MSANIFU WA KURASA: Amerudi. Mistari mitatu, "jana saa 2 asubuhi", jina la mpiga picha mwishoni. Tarehe kamili nimeiweka kwenye faili la mtandaoni, kwenye karatasi imebaki "jana". Hapo tumeafikiana. La picha yenye nguvu kutohitaji maneno bado sijashawishika, tutazungumza kesho.

MPIGA PICHA: Na elfu mbili zangu za mkokoteni?

MHARIRI WA PICHA: Andika dai, nitasaini.

MSOMAJI: Mimi nina ombi moja kwenu nyote mnaofunga kurasa, na kwa magazeti mengine pia. Mkitoa picha maktaba, andikeni mwaka ilipopigwa na watu wale walikuwa wakifanya nini siku hiyo. Kama hamjui, chukueni picha nyingine.